Kwa Nini Jua la Februari Huchelewa

Mwezi wa Februari uliopita nilimpa kijana mmoja wa Kidato cha Tatu adhabu asiyostahili, na makala hii ni kama kulipa deni hilo. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Kengele ya saa 1.30 ilikuwa imekwisha kulia, na wenzake walikuwa wamekwisha ingia madarasani, ndipo yeye akatokea langoni akihema, miguu imelowa umande. Saa yangu ilionyesha saa 1.51. Nilimwuliza sababu ya kuchelewa. Akanijibu kwa adabu, “Shikamoo, mwalimu. Mimi sikulala. Nimetoka nyumbani jua lilipochomoza, kama siku zote. Mwezi wa Novemba nilikuwa nikitoka hivyo hivyo na kufika kabla ya kengele.”

Nilidhani ni maneno ya mvivu. Twakaa karibu na ikweta, na kila mtoto aliyesoma jiografia ya darasa la sita anajua kwamba karibu na ikweta usiku na mchana hulingana mwaka mzima. Iweje jua lichomoze mapema Novemba na kuchelewa Februari? Nikampa upanga akafyeke majani nyuma ya jiko.

Sasa, huko nyuma ya jiko ndiko ilikosimama nguzo yangu ya kivuli, na hiyo nguzo ndiyo iliyoniumbua.

Nguzo hiyo niliisimamisha mwezi wa Novemba kwa ajili ya somo la jiografia. Ni mti ulionyooka, wenye urefu wa mita 2 juu ya ardhi, na chini yake tulisawazisha udongo ukawa kama sakafu. Kabla ya kupima wakati ilitubidi kupata kaskazini ya kweli. Dira haifai kwa kazi hii, maana sindano yake haielekei kaskazini ya kweli barabara. Basi tulifunga kamba chini ya nguzo tukachora duara kuizunguka. Asubuhi kivuli kilipokuwa kikifupika, ncha yake ilifika kwenye duara, tukapiga kigingi. Alasiri kivuli kikarefuka, ncha ikaligusa duara upande wa pili, tukapiga kigingi kingine. Katikati ya vigingi viwili ndipo mstari wa kaskazini na kusini unapopita, kuanzia kwenye nguzo. Tuliuchora kwa chokaa.

Ncha ya kivuli inapoukata mstari huo, jua limefika mahali pake pa juu kabisa kwa siku hiyo: nusu ya safari imekwisha, nusu imebaki. Wakati huo nitauita adhuhuri ya jua. Tarehe 3 Novemba, mawingu yalipotupa nafasi, ncha iliukata mstari saa 6.41 mchana. Nikaandika kwa rangi kwenye kibao: “Jua likikata mstari huu, ni saa 6.41,” nikakipigilia kibao kwenye nguzo, nikaona kazi imekwisha. (Saa zote nitakazotaja ni za Kiswahili, saa 6.41 mchana ni 12:41 kwenye simu.)

Siku ya adhabu ilikuwa tarehe 11 Februari. Mchana yule kijana alikuja ofisini na upanga mkononi, akasema, “Mwalimu, kibao chako kinasema uwongo.” Nilitoka naye. Saa 6.41 ilikuwa imekwisha pita, na ncha ya kivuli ilikuwa bado upande wa magharibi wa mstari. Tukakaa kivulini tukingoja. Iliukata mstari saa 7.12. Jua lilikuwa limechelewa dakika 31.

Saa yangu haikuwa na kosa. Niliilinganisha na saa ya redio, na nasisitiza jambo hili kwa wenzetu wanaoishi karibu na Rusumo au Kabanga, kwa kuwa simu huko huweza kudaka mtandao wa ng'ambo ya mpaka na kurudi nyuma saa nzima bila kumwambia mwenyewe. Nguzo nayo haikuwa imeinama. Basi ikanibidi kukiri kwamba ni kweli jua lilikuwa limebadili desturi yake, na kwamba kijana hakusema uwongo.

Kwanza yafaa tutenge jambo moja lisilobadilika. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haupiti kabisa katika nchi yetu. Hupita baharini, mashariki mbali ya Dar es Salaam, na kuingia Somalia karibu na Mogadishu. Mji wa Ngara uko kwenye nyuzi 30.65 hivi. Tofauti ni nyuzi 14.35, na jua huchukua dakika 4 kupita kila uzi mmoja, kwa hiyo jua hutufikia dakika 57 baada ya kuufikia ule mstari wa saa zetu. Ndiyo sababu adhuhuri ya jua hapa kwetu, kwa wastani, ni saa 6.57 na si saa 6 kamili. Biharamulo, iliyo mashariki yetu kwenye nyuzi 31.3 hivi, hulipata jua dakika 3 kabla yetu. Wenzetu wa Rwanda na Burundi, ambao saa zao ziko nyuma yetu kwa saa nzima na zafuata longitudo ya nyuzi 30, huliona jua likikata mstari karibu na saa 6 kamili ya kwao, ingawa ni jua lile lile na mto Kagera tu ndio unaotutenga pale Rusumo.

Lakini tofauti hiyo ya dakika 57 ni ile ile leo na kesho. Mji hauhami. Haiwezi kueleza kwa nini Novemba tulipata saa 6.41, yaani dakika 16 kabla ya wastani, na Februari saa 7.12, dakika 14 baada ya wastani. Huku kutangulia na kuchelewa kwa jua wataalamu hukuita mlinganyo wa wakati, maana ndizo dakika zinazotakiwa kuongezwa au kupunguzwa ili jua na saa vilingane. Klaudio Ptolemayo wa Aleksandria aliueleza katika karne ya 2, zaidi ya miaka 1,400 kabla ya kuwapo saa ya timazi ya kuuonyesha wazi.

Ili kuelewa chanzo chake, tuanze na swali linaloonekana la kitoto: siku ni nini? Dunia hujizungusha mara moja kamili kwa saa 23 na dakika 56. Lakini ikimaliza kujizungusha, jua halijarudi kwenye mstari wetu wa chokaa. Katika muda huo dunia yenyewe imesogea mbele katika njia yake ya kulizunguka jua, karibu uzi mmoja, na sasa jua linaonekana limejivuta kidogo upande wa mashariki. Yabidi dunia ijizungushe zaidi kidogo ili ilipate. Hicho kipande cha ziada ndizo zile dakika 4 hivi zinazotimiza saa 24.

Siri yote imo katika kipande hicho cha ziada. Kama kingekuwa sawasawa kila siku, jua na saa visingetofautiana kamwe. Lakini si sawasawa, na sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba njia ya dunia si duara kamili bali ni duaradufu, kama Kepler alivyoonyesha mwaka 1609. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu na jua, kilomita milioni 147, na hukimbia zaidi. Mwanzoni mwa Julai huwa mbali, kilomita milioni 152, na hupunguza mwendo. Januari, kwa kuwa imesogea zaidi kwa siku moja, kipande cha ziada nacho huwa kirefu, na siku ya jua huzidi saa 24 kwa sekunde 8 hivi. Julai hupungua kwa kiasi hicho hicho.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kuinama kwa mhimili wa dunia kwa nyuzi 23.4. Wengi huielewa kwa shida, nami niliielewa kwa chungwa. Menya chungwa uone mistari ya vipande vyake ikitoka juu hadi chini. Hiyo ndiyo longitudo. Chora duara katikati ya chungwa. Hiyo ni ikweta. Sasa chora duara lingine linaloikata ikweta kwa mshazari, nusu yake juu na nusu chini. Hilo ndilo njia ya jua kama tunavyoliona mwaka mzima. Mweke sisimizi atembee juu ya duara hilo la mshazari kwa hatua zilizo sawa.

Pale anapoikata ikweta, yaani Machi na Septemba, sisimizi anakwenda mshazari. Sehemu ya hatua zake inapotea katika kupanda au kushuka, na hatua 100 zinamsogeza mashariki kwa kiasi cha hatua 92 tu. Lakini anapofika mahali pa mbali kabisa na ikweta, yaani Juni na Desemba, anakwenda moja kwa moja kuelekea mashariki, tena mahali ambapo mistari ya vipande imekaribiana kwa kuwa inaelekea kukutana kwenye ncha. Huko hatua 100 zinavuka mistari kana kwamba ni hatua 109. Na dunia inapojizungusha kulitafuta jua, kinachohesabika ni mistari iliyovukwa, si hatua zilizopigwa. Kwa hiyo Desemba na Juni kipande cha ziada hurefuka, na siku huongezeka kwa sekunde 21 hivi. Machi na Septemba hupungua kwa kiasi kama hicho.

Sasa tuziunganishe. Karibu na tarehe 22 Desemba sababu zote mbili zinavuta upande mmoja: mwendo ni wa kasi na mistari imekaribiana. Siku ya jua huwa saa 24 na sekunde 30. Mwezi wa Juni zinapingana, na ziada hubaki sekunde 13 tu. Sekunde 30 ni kitu gani? Hakuna mtu atakayeziona leo wala kesho. Lakini ni kama nyumba inayovuja tone moja moja; ukiweka ndoo, asubuhi imejaa. Kuanzia tarehe 3 Novemba hadi tarehe 11 Februari ni siku 100. Mwanzoni ziada ni sifuri, ikaongezeka hadi sekunde 30 mwishoni mwa Desemba, kisha ikapungua hadi sifuri tena. Wastani wake ni kama sekunde 18 kwa siku, na siku 100 mara sekunde 18 ni sekunde 1,800, yaani dakika 30. Nguzo yangu ilipima 31. Kwa mti uliokatwa porini na chokaa, nimeridhika.

Twarudi kwa kijana wetu. Tarehe 3 Novemba na tarehe 11 Februari zinafanana sana: jua liko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 15 hivi siku ya kwanza na 14 hivi siku ya pili, na urefu wa mchana ni ule ule, saa 12 na dakika 12. Aliyefundishwa kwamba mchana haubadiliki hakudanganywa. Lakini mchana wote mzima, kuanzia macheo hadi machweo, umesukumwa mbele kama kabati linavyosukumwa bila kubadilika upana wake. Novemba jua lilichomoza saa 12.35 alfajiri na kuzama saa 12.47 jioni. Februari lilichomoza saa 1.06 asubuhi na kuzama saa 1.18 usiku. Nyumbani kwao hawana saa, na simu ya baba yake siku nyingi haina chaji. Akitoka jua linapochomoza na kutembea dakika 45, Novemba anafika saa 1.20, kabla ya kengele, na Februari anafika saa 1.51. Ndiyo saa niliyoiona mkononi mwangu pale langoni, dakika kwa dakika.

(Hizi ni saa za mahali palipo tambarare. Kwa milima yetu ya Ngara, mwenye kuishi chini ya mteremko wa magharibi hulipata jua baadaye zaidi. Lakini kwake pia nusu saa ya Novemba hadi Februari ni ile ile.)

Wenzetu wa Ulaya jambo hili wanalo kama sisi, ila kwao limefichwa. London mchana huwa wa saa 8 hivi katika Desemba na saa 16 na nusu katika Juni, na badiliko kubwa kama hilo humeza zile dakika chache. Mwenye macho makali tu ndiye atakayeona kwamba huko asubuhi yenye giza kuliko zote si ile ya tarehe 21 Desemba, siku fupi kuliko zote, bali huja karibu na mwaka mpya. Hapa kwetu mchana haubadiliki kiasi cha kulificha, kwa hiyo mlinganyo wa wakati unaonekana mtupu, hata kwa mtu asiye na chombo chochote. Na wako watu wengi wanaouona kila mwaka bila kuuita jina hilo. Tazama ratiba ya sala iliyobandikwa ukutani msikitini, Ngara au Biharamulo: wakati wa adhuhuri huingia jua likishapita mstari huo, na katika ratiba utaona ukisogea karibu nusu saa kati ya mwanzo wa Novemba na katikati ya Februari.

Mwezi wa Mei tulipima tena. Mwalimu mwenzangu aliyeko Biharamulo alikuwa amesimamisha nguzo yake tangu Januari, na tarehe 11 Februari yeye alikuwa amepata saa 7.09, dakika 3 kabla yetu kama longitudo inavyotaka. Tarehe 14 Mei alipata saa 6.51. Sisi tulitegemea saa 6.54.

Kazi ya siku hiyo nilimwachia yule kijana. Akapata saa 6.55. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba ameangalia vibaya, lakini baada ya Februari nimejifunza kunyamaza kwanza. Tukatundika timazi, yaani uzi wenye jiwe, kutoka kwenye kichwa cha nguzo. Mvua za masika zilikuwa zimelainisha udongo, na kichwa cha nguzo kilikuwa kimeinama kuelekea magharibi kwa sentimita 1. Kwa nguzo ya mita 2, ncha ya kivuli karibu na adhuhuri hutembea kama milimita 9 kwa dakika moja kutoka magharibi kwenda mashariki. Kichwa kikiinama sentimita 1 magharibi, ncha nayo hurudi nyuma sentimita 1, na huufikia mstari kwa kuchelewa dakika moja na kitu. Kijana aliangalia sawasawa. Nguzo ndiyo iliyokuwa na kosa. Watakaojenga yao nyumbani wasihangaike sana na mstari wa kaskazini kuwa sahihi hadi sehemu ya uzi, kwa sababu kivuli cha adhuhuri kwetu ni kifupi na kosa dogo la mwelekeo halina nguvu. Watumie muda huo kwenye timazi, na kila wapimapo wairudie.

Tumeishindilia nguzo upya kwa mawe, na kibao changu cha rangi tumekiondoa. Mahali pake kijana ameandika safu ya tarehe na saa. Mwisho wa Mei na Juni jua litazidi kuchelewa pole pole, na tarehe 26 Julai litafika mwisho wa kuchelewa kwa nusu hiyo ya mwaka: saa 7.04 hapa Ngara, saa 7.01 Biharamulo. Kisha litageuka na kuanza kuwahi, hadi tarehe 3 Novemba saa 6.41 tena. Wiki ile ya mwisho wa Septemba, karibu na tarehe 29, jua litapita utosini hasa na nguzo haitakuwa na kivuli kabisa. Mwenye kutaka kuona afike nyuma ya jiko kabla ya saa 6.45. Timazi imetundikwa kwenye msumari, kando ya mlango wa stoo.